Chokaa, Magadi na Maji ya Meru: Lini Mashapo Hutokea

Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha, mtu anaweza kukisiwa alikokulia pale tu anapocheka. Meno yake yana madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi, kwa kuwa yalianza kujengeka ndani ya ufizi kabla jino halijachomoza. Ni alama ya floridi iliyokuwa katika maji aliyokunywa utotoni. Anayeendelea kunywa maji hayo kwa miaka mingi anaweza kupata madhara makubwa zaidi: mifupa kukakamaa, viungo kuuma, na kwa watoto, miguu kupinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Tanzania na Kenya, visima na chemchemi huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Floridi yenyewe haina rangi wala harufu, hivyo maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakadhuru.

Mwanafunzi aliyesoma kemia ya sekondari anaweza kuuliza swali la haki kabisa. Darasani alifundishwa kwamba floridi ya kalsiamu haiyeyuki majini. Kalsiamu imejaa ndani ya chokaa, na chokaa ni rahisi kupatikana. Basi kwa nini tusitie chokaa katika ndoo, floridi ishikane na kalsiamu, itulie chini kama mashapo, nasi tukamimina maji safi ya juu?

Kila alichosema ni kweli, lakini ndoo haitatoa maji salama. Ili kuona kwa nini, tunahitaji kujua jinsi wanakemia wanavyotabiri kama mimumunyo miwili ya chumvi ikichanganywa itatoa mashapo, na mahali utabiri huo unapokoma.

Jozi mpya ndani ya chombo

Kwa mwanakemia, chumvi si ile ya jikoni peke yake. Chumvi ni muungano wa chembe zenye chaji chanya na chembe zenye chaji hasi, na chembe hizo huitwa ayoni. Chumvi ya mezani ina ayoni za sodiamu, ambazo ni chanya, na za kloridi, ambazo ni hasi. Inapoyeyuka majini, muungano ule huachana. Kila ayoni huzungukwa na maji, ikaenda kivyake.

Kwa hiyo ukichanganya mimumunyo ya chumvi mbili, ndani ya chombo hakuna tena chumvi mbili. Kuna aina nne za ayoni, na kila ayoni chanya inaweza kukutana na kila ayoni hasi. Jozi mbili ni zile za mwanzo, na tunajua zinayeyuka kwa sababu zilikuja zikiwa zimeyeyuka. Jozi nyingine mbili ni mpya, na hizo ndizo za kuchunguza. Ikiwa mojawapo ni chumvi isiyoyeyuka, ayoni zake zitashikana kuwa chembe ndogo ngumu, maji yatapata ukungu, na baadaye chembe hizo zitatulia chini. Ikiwa zote mbili zinayeyuka, hakuna kitakachoonekana, na ayoni zote nne zitabaki zikizunguka humo.

Kujua ipi inayeyuka na ipi haiyeyuki ndiyo kazi ya kanuni za umumunyifu. Hazikutokana na nadharia iliyotangulia; ni muhtasari wa yale ambayo watu wameyaona kwa kujaribu chumvi moja baada ya nyingine. Zinatosha kukaa kichwani. Chumvi zote za kawaida za sodiamu, potasiamu na amonia huyeyuka. Naitreti zote huyeyuka. Kloridi, bromidi na iodidi huyeyuka, isipokuwa zile za fedha na za risasi. Salfeti huyeyuka, isipokuwa za bariamu na risasi, huku ile ya kalsiamu ikiyeyuka kidogo tu. Kwa upande wa pili, kaboneti na fosfeti haziyeyuki, isipokuwa zile za sodiamu, potasiamu na amonia. Haidroksidi nyingi nazo haziyeyuki, ila ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, huyeyuka kiasi.

Tuchukue kloridi ya kalsiamu na kaboneti ya sodiamu. Jozi mpya ni kaboneti ya kalsiamu na kloridi ya sodiamu. Kloridi ya sodiamu ni chumvi ya mezani, inayeyuka. Kaboneti ya kalsiamu ni kaboneti isiyo ya sodiamu, potasiamu wala amonia, hivyo haiyeyuki. Tunatabiri mashapo meupe, na ndiyo yanayotokea. Tukichukua badala yake kloridi ya sodiamu na naitreti ya potasiamu, jozi mpya ni naitreti ya sodiamu na kloridi ya potasiamu. Zote zinayeyuka, basi hatutarajii kitu, na hakitokei kitu.

Floridi ndipo inapowanasa wengi. Iko katika familia moja na kloridi, bromidi na iodidi, na mwanafunzi aliyekariri kanuni ya kloridi huiongezea floridi bila kusita. Tabia yake ni tofauti. Kloridi ya fedha haiyeyuki, lakini floridi ya fedha huyeyuka sana. Kloridi ya kalsiamu huyeyuka sana, lakini floridi ya kalsiamu haiyeyuki. Ayoni ya floridi ni ndogo mno, na udogo huo huifanya ishikane kwa nguvu na ayoni ndogo zenye chaji mbili kama kalsiamu na magnesiamu. Floridi ya sodiamu, kwa kufuata kanuni ya kwanza, huyeyuka: lita moja ya maji inachukua takriban gramu 40.

Sasa turudi kwa swali la mwanafunzi wetu. Maji ya Meru yana floridi pamoja na sodiamu. Ukiongeza chumvi ya kalsiamu, jozi mpya ya kutazama ni floridi ya kalsiamu, na kanuni inasema haiyeyuki. Kwa mujibu wa kanuni, mashapo yatokee.

Kisichoyeyuka nacho huyeyuka

Neno "haiyeyuki" katika kanuni hizi lina maana ya "huyeyuka kidogo sana". Hakuna chumvi ambayo maji hayachukui hata chembe. Floridi ya kalsiamu ikitiwa katika maji safi ya nyuzi joto 25, lita moja huyeyusha takriban miligramu 16. Ukilinganisha na gramu 40 za floridi ya sodiamu, hiyo ni pungufu kwa mara 2,500, na katika benchi la maabara inaonekana kama sifuri.

Lakini anayekunywa maji hapimi kwa jicho la maabara. Katika hizo miligramu 16, karibu 8 ni floridi. Maana yake ni kwamba maji yaliyokaa na unga wa floridi ya kalsiamu, chumvi "isiyoyeyuka", yanabeba floridi inayozidi mara tano kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Kipimo cha kweli cha kama mashapo yatatokea ni zao la viwango vya ayoni zinazohusika. Kila chumvi ina kikomo chake. Zao likiwa chini ya kikomo, chumvi hubaki imeyeyuka. Likizidi, chumvi huanza kutoka majini hadi zao lirudi kwenye kikomo. Kwa floridi ya kalsiamu, ambayo kila kalsiamu moja hushika floridi mbili, tunachukua kiwango cha kalsiamu, tunazidisha kwa kiwango cha floridi, kisha tunazidisha tena kwa kiwango cha floridi. Tukipima kwa milimoli katika lita, kikomo chake ni takriban 0.035. Kubadilisha miligramu kuwa milimoli ni kugawanya tu: kalsiamu kwa 40, floridi kwa 19.

Tuchukue mfano wa maji yenye floridi miligramu 10 na kalsiamu miligramu 4 katika lita. Floridi ni 0.53 milimoli na kalsiamu ni 0.1. Zao ni 0.1 mara 0.53 mara 0.53, yaani 0.028. Liko chini ya 0.035. Ayoni za kalsiamu zimo, ayoni za floridi zimo, na kanuni inasema jozi hiyo haiyeyuki, lakini hakuna mashapo. Maji hayo yanaweza kukaa hivyo miaka na miaka.

Sasa tulinganishe na maabara ya shule. Mwalimu anachanganya ujazo sawa wa kloridi ya kalsiamu na floridi ya sodiamu, kila moja ikiwa na milimoli 100 katika lita. Zikichanganyika, kila moja inapungua kwa nusu, kwa sababu ujazo umeongezeka mara mbili. Zao ni 50 mara 50 mara 50, yaani 125,000. Hilo linazidi kikomo zaidi ya mara milioni tatu, na ukungu mweupe unatokea mara moja. Kanuni tunazokariri zimetungwa kwa ajili ya chupa za namna hii, ambamo chumvi ni nyingi kiasi kwamba tofauti kati ya "kidogo sana" na "hapana" haina uzito. Katika maji ya mto, ambako viwango ni sehemu ndogo ya milimoli, ni lazima kupiga hesabu.

Gharama ya kushusha floridi kwa kalsiamu

Hesabu hiyo hiyo inatuambia tungehitaji kalsiamu kiasi gani. Tunataka floridi ibaki miligramu 1.5, yaani 0.079 milimoli. Ukizidisha 0.079 kwa 0.079 unapata kama 0.0062. Gawanya kikomo, 0.035, kwa hiyo, na unapata kama milimoli 5.5 za kalsiamu, sawa na miligramu 220 katika lita. Kalsiamu hiyo ni ile inayopaswa kubaki imeyeyuka majini wakati wote ili floridi isirudi, mbali na ile itakayotulia chini.

Tukitumia kloridi ya kalsiamu, ndoo ya lita 20 ingehitaji gramu 12 na ushee. Maji yangekuwa magumu mno, sabuni isingetoa povu, na kloridi ingefika kama miligramu 400 katika lita, kiasi ambacho ulimi unakitambua kuwa chumvi. Hata hivyo hesabu yetu ni ya upole. Maji yenye chumvi nyingi nyingine huruhusu floridi ya kalsiamu iyeyuke zaidi kidogo kuliko maji safi, na chembe zake hujengeka polepole, hivyo floridi inaweza kubaki juu ya kikomo kwa saa nyingi kabla ya kutulia.

Chokaa ina shida nyingine, na hapa ndipo ndoo inapoweza kumdanganya mtu vibaya. Maji ya milima ya volkano yana bikaboneti nyingi. Tuseme yana milimoli 6 katika lita, kiwango cha kawaida kwa maji ya namna hiyo. Chokaa iliyozimwa inapoingia, haidroksidi yake hugeuza bikaboneti kuwa kaboneti, na kaboneti huishika kalsiamu papo hapo. Kikomo cha kaboneti ya kalsiamu ni cha chini kiasi kwamba jozi hiyo humaliza karibu kalsiamu yote kabla floridi haijapata nafasi. Ili kuimaliza bikaboneti ya ndoo moja ungeweka karibu gramu 9 za chokaa, na chini ya ndoo yangetulia mashapo meupe ya gramu 12. Mtu akiyatazama anaamini floridi imeshuka.

Lakini floridi yote iliyokuwa ndani ya ndoo hiyo ni gramu 0.2 tu. Hata ingetoka yote kama floridi ya kalsiamu, mashapo yake yangekuwa gramu 0.4. Zile gramu 12 ni kaboneti ya kalsiamu. Huenda zimeishika floridi kidogo njiani, lakini sehemu kubwa ingali juu, ndani ya maji ambayo sasa pia ni makali kama magadi na hayafai kunywewa. Ukiendelea kumwaga chokaa hadi maji yashibe kalsiamu, floridi itaanza kushuka kweli, ila maji yatakuwa makali zaidi hata kuchoma mdomo.

Kuna jaribio dogo la kutenganisha mambo hayo mawili. Mimina maji ya juu, chukua mashapo kidogo, yadondoshee siki. Yakitoa mapovu, yana kaboneti, kwa sababu asidi huivunja kaboneti na kutoa hewa ya ukaa. Floridi ya kalsiamu haitoi mapovu. Jaribio hilo linakuambia kilicho chini ya ndoo. Kilichobaki juu hulijui mpaka maji yenyewe yapimwe floridi kwa kifaa chake.

Kwa nini Meru, kwa nini si Mombasa

Hesabu ya zao inaeleza pia ramani ya tatizo lenyewe. Tukijua kalsiamu iliyomo majini, tunaweza kupata dari ya floridi, yaani kiwango ambacho floridi haiwezi kukivuka bila kuanza kutoka kama mashapo. Maji yenye kalsiamu miligramu 100 katika lita yana dari ya floridi kama miligramu 2. Yakiwa na kalsiamu miligramu 4, dari inapanda hadi 11. Yakiwa na kalsiamu miligramu 1, dari inafika 22.

Mombasa, Unguja na sehemu kubwa ya mwambao zimekaa juu ya miamba ya matumbawe, ambayo ni kaboneti ya kalsiamu. Maji ya visima vyake huokota kalsiamu nyingi njiani, na kalsiamu hiyo huizuia floridi isipande sana. Wakazi wanaijua kwa ugaga mweupe ndani ya birika na kwa sabuni inayokataa kutoa povu. Chini ya Meru na Kilimanjaro, na kuelekea kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, miamba ni ya volkano yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Miamba hiyo ndiyo inayotoa floridi, na maji yanayopita ndani yake hujaa bikaboneti ya sodiamu. Kalsiamu ile kidogo iliyopo hushikwa na kaboneti na kutulia. Inabaki sodiamu, ambayo kwa kanuni ya kwanza haizuii chochote. Floridi haina wa kuishika.

Mfano uliokithiri uko kaskazini kidogo. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee duniani leo inayotoa lava yenye kaboneti ya sodiamu kwa wingi, na Ziwa Natron lililo karibu yake ni ziwa la magadi. Ng'ambo ya mpaka, Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa magadi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maziwa hayo kalsiamu karibu haipo majini, na floridi inaweza kupanda mbali kupita viwango vya visima. Magadi yanayoanuliwa kandokando ya maziwa hubeba floridi pia, kwa sababu floridi ya sodiamu na kaboneti ya sodiamu zote huyeyuka na hukauka pamoja. Watafiti nchini Tanzania wameona watoto wenye madoa ya meno katika maeneo ambako maji hayana floridi nyingi, lakini magadi hutumika kulainisha maharage na makande. Mama anayeishi mahali penye floridi na kupika kwa magadi anawaongezea watoto floridi kwa njia mbili.

Kuna desturi nyingine ambayo hesabu yetu inaiweka wazi. Watu wengi huchemsha maji wakiamini yatakuwa salama kwa kila namna. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo ni kuzuri. Kwa floridi hakusaidii. Joto hufukuza hewa ya ukaa, bikaboneti hugeuka kaboneti, na kalsiamu hutoka kama ugaga wa birika. Kalsiamu ikipungua, dari ya floridi inapanda. Na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, floridi iliyobaki inazidi kukolea.

Mashapo yanayobeba badala ya mashapo yanayoshikana

Ikiwa floridi haiwezi kutolewa kwa kuitengenezea chumvi yake isiyoyeyuka, zipo njia za kuitoa kwa mashapo ya kitu kingine. Moja ilibuniwa India miaka ya 1970 na ikapewa jina la wilaya ya Nalgonda, na imejaribiwa pia Arusha. Maji hutiwa salfeti ya alumini, ndugu wa shabu ambayo vijijini hutumika kutuliza maji ya tope, pamoja na chokaa.

Tutabiri kwa kanuni zetu. Jozi mpya ni haidroksidi ya alumini na salfeti ya kalsiamu. Haidroksidi ya alumini haiyeyuki, kwa hiyo itatoka. Salfeti ya kalsiamu ni ile yenye kuyeyuka kidogo, takriban gramu 2 katika lita, hivyo hapa kanuni pekee haitoshi na inabidi tuangalie kiasi. Tukiweka gramu 12 za salfeti ya alumini katika ndoo ya lita 20, salfeti ya kalsiamu itakayoweza kutokea haifiki nusu gramu kwa lita. Itabaki imeyeyuka. Tunatabiri aina moja tu ya mashapo makubwa: mabonge mepesi, meupe, yenye kunata ya haidroksidi ya alumini. Floridi hunasa juu ya mabonge hayo yanapoundwa na kushuka nayo. Kikomo cha floridi ya kalsiamu hakihusiki tena, kwa kuwa floridi haikamatwi na kalsiamu.

Njia hii ina masharti yake. Haidroksidi ya alumini hutoka vizuri maji yanapokuwa karibu na hali ya kati, si makali kama chokaa wala chachu kama limau. Chokaa ikizidi, alumini huyeyuka tena. Ikipungua, alumini hubaki majini. Dozi hutegemea bikaboneti na floridi ya maji husika, kwa hiyo kipimo cha kijiji kimoja hakiwezi kuhamishiwa kingine bila kupima. Na mabonge lazima yatenganishwe siku hiyo hiyo, kwani floridi iliyonaswa huweza kurudi majini polepole.

Njia ya pili ndiyo iliyofanyiwa kazi sana katika kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, karibu na Arusha, na pia Nakuru nchini Kenya: mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe nyeusi, husagwa, na maji hupitishwa humo. Mfupa umejengwa kwa fosfeti ya kalsiamu yenye haidroksidi ndani yake. Floridi huingia mahali pa haidroksidi, na fosfeti mpya yenye floridi ni ngumu kuyeyuka kuliko floridi ya kalsiamu yenyewe. Ndiyo sababu chujio la mifupa linaweza kuishusha floridi chini ya miligramu 1.5 bila kuyajaza maji kalsiamu. Ndiyo sababu pia mifupa na meno ya mtu aliye hai huikusanya floridi kwa miaka: kinachofanyika ndani ya chujio hufanyika ndani ya mwili. Mkaa hatimaye hujaa, na siku hiyo maji yanayotoka hayana ladha wala rangi tofauti na ya jana. Ni kipimo pekee kinachojua.

Namna ya kutabiri

Anayetaka kutabiri mashapo, awe darasani au kisimani, ana maswali matatu ya kujibu kwa mpangilio. La kwanza: ni ayoni zipi zimo, zikiwemo zile ambazo hakuzitia yeye? Bikaboneti ya maji ya Meru haikuandikwa kwenye kopo la chokaa, lakini ndiyo iliyoamua matokeo. La pili: ni jozi ipi kati ya hizo ambayo kanuni zinasema haiyeyuki, na zikiwa zaidi ya moja, ipi itafikia kikomo chake kwanza? La tatu: viwango vilivyomo, baada ya kuzingatia ujazo ulioongezeka, vinavuka kikomo hicho?

Swali la kwanza na la pili linajibika kwa kanuni za kukariri. La tatu linahitaji namba, na kwa maji ya kunywa ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwalimu wa Arusha au Nakuru anayefundisha somo hili ana mfano unaotoka bombani mwa shule yake: achukue matokeo ya kipimo cha maji ya hapo, kalsiamu na floridi, awape wanafunzi wagawanye kwa 40 na kwa 19, wazidishe, walinganishe na 0.035. Watajua kama maji yao yako karibu na dari au mbali nayo. Wakimaliza, wapige hesabu ya kiasi kinachobaki majini hata baada ya mashapo kutulia, kwa kuwa hicho kinachobaki ndicho wanachokunywa.